Plagi Moja, Vifaa Vitatu

Msikilizaji wangu, hiki ni kipindi chetu cha umeme wa nyumbani. Uliye jikoni endelea kupika, uliye kijiweni sogeza redio karibu, maana leo tunazungumza juu ya picha.

Ndiyo, picha. Wiki hii mama mmoja wa Tanga amenitumia picha kwa simu. Shikamoo mama, najua unanisikiliza. Katika picha ile kuna plagi tatu zimelazwa juu ya kitambaa cha meza. Ya kwanza ni ya raiskuka, lile jiko la umeme la kupikia wali, ambalo mwanawe alilipata kwenye mitumba iliyotoka Japani. Ya pili ni ya chaja ya kompyuta mpakato, nayo imetoka kwenye mzigo huohuo. Ya tatu ni ya feni ndogo ya mezani aliyoletewa na jirani yake mfanyabiashara, aliyerudi safari ya Guangzhou. Chini ya picha mama ameandika: “Mwanangu, plagi hizi zote zinafanana na hakuna inayoingia ukutani. Dukani wameniambia ninunue adapta moja nitumie kwa zote. Ni sawa?”

Nimelipenda swali hili kwa sababu kila siku naletewa vifaa vilivyoungua kwa kosa hilohilo. Na nitakujibu mama, ila jibu ni tofauti kwa kila kifaa. Kimoja unaweza kukichomeka leo hii. Kingine nacho unaweza kukichomeka leo hii, lakini kwa sababu nyingine kabisa. Cha tatu ukikichomeka, hutakipikia tena. Na plagi zao, kama ulivyosema mwenyewe, zinafanana.

Tuanze na plagi yenyewe. Ukiangalia ukuta wa nyumba yako hapa Tanzania, soketi uliyonayo kwa kawaida ni ile ya matundu matatu ya mstatili, moja juu limesimama na mawili chini yamelala. Ni mtindo wa Waingereza, wenyewe waliuweka rasmi mwaka 1947, na ndio utakaoukuta Kenya, Uganda, Oman na Dubai. Vitabuni huitwa aina ya G. Kwenye nyumba za zamani utakuta bado soketi ya matundu matatu ya duara, hiyo ni aina ya D. Ukivuka kwenda Burundi au Kongo utakutana zaidi na matundu mawili ya duara, mtindo wa Ulaya bara.

Plagi za mama si za huku wala za kule. Zina pini mbili bapa, zimesimama sambamba kama reli mbili za treni. Hiyo ni aina ya A. Na hapa sasa ndipo watu wengi wanapoteleza, kwa hiyo nisikilize vizuri. Fundi akiona pini mbili bapa, haraka anasema, “Hii ni ya Marekani, ni volti 110, itaungua.” Muuzaji wa duka akiona pini hizohizo anasema, “Chukua adapta, shilingi kidogo tu, itaingia.” Wote wawili wameangalia plagi, na wote wawili wanaweza kukosea.

Kwa nini? Kwa sababu pini mbili bapa zinatumika Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 120. Zinatumika Japani, ambako umeme ni volti 100. Na zinatumika Uchina pia, ambako umeme ni volti 220, karibu sawa na wetu. Plagi ni ileile, umeme ni mbalimbali.

Je, picha ya plagi haituambii chochote? Inatuambia kidogo. Ukiikuza picha na ukaona pini moja ni pana kuliko mwenzake, mara nyingi kifaa hicho kilitengenezwa kwa soko la Marekani, kwa sababu kule wanataka plagi iingie upande mmoja tu, usiweze kuigeuza. Pini zikiwa sawa kwa upana, inaweza kuwa Japani, inaweza kuwa Uchina, na inaweza kuwa Marekani vilevile. Na ukiona pini bapa zilizoinama, zimekaa kama mtu aliyetanua miguu, hiyo ni aina nyingine, aina ya I, ya Australia na Uchina, na huko kote umeme uko kwenye volti 220 hadi 230. Lakini hizo ni dalili tu. Kwa dalili hizo peke yake mimi sichomeki kitu.

Kwa hiyo nilimjibu mama hivi: “Mama, geuza kila kifaa chini juu, unipigie picha ya kibandiko.”

Kibandiko, msikilizaji, ndicho cheti cha kuzaliwa cha kifaa. Kwenye chaja kiko juu ya kile kiboksi cheusi cha katikati ya waya. Kwenye raiskuka kiko chini ya kitako, au nyuma karibu na waya unapoingilia. Kwenye feni kiko chini ya kikalio au nyuma ya mota. Wakati mwingine si kibandiko, ni maandishi yaliyochongwa kwenye plastiki yenyewe, meusi juu ya meusi, usiyaone mpaka uelekeze mwanga.

Na jinsi ya kupiga picha hiyo nayo ina namna yake. Futa vumbi na mafuta kwanza. Zima ile taa ya kamera, kwa sababu kibandiko kinachong'aa kitarudisha mwanga na utapata doa jeupe palipotakiwa kuwa na namba. Sogea dirishani, mwanga upige kwa ubavu. Yale maandishi yaliyochongwa, yasugue kwa chaki au unga kidogo, yatatokea meupe. Na hakikisha waya umechomolewa ukutani kabla hujaanza kugeuzageuza.

Jioni ileile mama akanitumia picha tatu nyingine. Sasa tuzisome pamoja, mimi na wewe.

Chaja ya kompyuta. Kibandiko chake kina maandishi mengi na alama nyingi, lakini sisi tunatafuta neno moja tu, “INPUT”. Maana yake, umeme unaoingia. Mbele yake pameandikwa “100-240V~ 50/60Hz 1.5A”. Je, umeiona ile alama ya kistari katikati ya mia moja na mia mbili arobaini? Kistari hicho ndicho habari njema yenyewe. Kinasema chaja hii inapokea umeme wowote kuanzia volti 100 mpaka volti 240. Umeme wetu Tanzania ni volti 230, upo ndani. Wa Kenya na Uganda ni 240, nao upo ndani. Chaja hii haihitaji kitu kingine zaidi ya kuibadilishia umbo la plagi. Hapo muuzaji wa adapta alikuwa sahihi.

Chini ya mstari huo kuna mwingine, “OUTPUT 19V”. Huo ni umeme unaotoka kwenda kwenye kompyuta. Nimewahi kuletewa chaja na kijana akiwa na wasiwasi kwamba ni ya volti 19, itaungua ukutani. Hapana. Kinachokutana na ukuta ni INPUT. OUTPUT inakutana na kompyuta, na hiyo nayo lazima ilingane na kompyuta yako, lakini si habari ya ukuta.

Chaja nyingi za simu na kompyuta za siku hizi ziko hivyo, zinapokea kuanzia 100 mpaka 240. Ila nikuonye kuhusu kompyuta za mezani za mitumba, zile za kasha kubwa. Baadhi yake, nyuma karibu na mahali waya unapoingilia, zina swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230. Hiyo haijibadilishi yenyewe. Kama imetoka Marekani, mwenye nayo aliiacha kwenye 115. Ukiiwasha hapa bila kuisogeza, utasikia mlio mmoja tu, na harufu itafuata. Isogeze kwenye 230 kabla ya kuchomeka, kwa ncha ya bisibisi, waya ukiwa umetoka.

Feni. Kibandiko chake ni kidogo, kina herufi za Kichina, lakini namba ni namba: “220V~ 50Hz 40W”. Hapa hakuna kistari. Ni volti 220 peke yake. Je, itavumilia 230 yetu? Itavumilia. Tofauti ya volti kumi ni ndogo, hata umeme wa nyumbani kwako unapanda na kushuka zaidi ya hapo kutoka asubuhi mpaka usiku. Na ile “50Hz” ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, nayo ni sawa na yetu. Kwa hiyo feni nayo inataka adapta ya umbo tu, au plagi mpya. Yule fundi ambaye angesema “pini bapa, itaungua” angemnyima mama feni nzima.

Sasa raiskuka. Hapa tukae kidogo.

Kibandiko chini ya kitako kinasoma “AC100V 50-60Hz 600W”. Angalia vizuri. Kistari kipo, lakini kimekaa wapi? Kimekaa kwenye hezi, kati ya 50 na 60. Hakipo kwenye volti. Volti ni 100, basi. Kistari hiki kimewadanganya wengi: mtu anaona kistari mahali fulani, anafurahi, anachomeka. Hezi zina kistari kwa sababu Japani yenyewe ina umeme wa aina mbili, upande wa mashariki wenye Tokyo ni hezi 50, upande wa magharibi wenye Osaka ni hezi 60. Asili yake ni ya mwisho wa karne ya 19, Tokyo ilipochukua mitambo ya Ujerumani na Osaka ikachukua ya Marekani. Kwa hiyo mtengenezaji wa Japani anaandika zote mbili ili auze nchi nzima. Haimhusu mtu wa Tanga.

Tuseme mama angesikiliza ushauri wa dukani, akanunua adapta ya umbo, akachomeka. Nini kingetokea? Adapta ile haina kitu ndani, ni vipande vya chuma vinavyounganisha tundu hili na pini ile. Volti 230 zinazotoka ukutani zinapita zote, zinaingia kwenye waya wa joto uliotengenezwa kwa volti 100.

Watu wengi hudhani kwamba umeme ukizidi mara mbili na kidogo, joto nalo litazidi mara mbili na kidogo. Sivyo. Volti zikizidi, na mkondo unazidi pamoja nazo, kwa hiyo joto linazidi kwa kuzidisha mara mbili: mbili na nukta tatu mara mbili na nukta tatu. Inakuja zaidi ya mara tano. Raiskuka ya wati 600 inageuka kuwa ya wati 3,000 na zaidi. Hizo ni pasi tatu za umeme zilizowashwa pamoja ndani ya sufuria moja ya kikombe cha mchele. Ikiwa ni ya kisasa, yenye vitufe na saa, bodi yake ya ndani itakufa kwanza, pengine kabla hata maji hayajapata moto. Ikiwa ni ya zamani, yenye kitasa kimoja, itapata moto mkali kwa muda mfupi mpaka fyuzi yake ya joto ikatike, kama bado nzima. Na kifaa cha mitumba, nani anajua fundi wa kwanza aliibakiza au aliiunga kwa waya?

Hapa msikilizaji mmoja ataniuliza, “Si kuna fyuzi kwenye plagi yetu? Si itakatika?” Swali zuri. Raiskuka ile kwa volti 230 ingevuta takriban ampea 14. Fyuzi ya plagi yetu ni ya ampea 13. Ungetarajia ikatike mara moja, lakini fyuzi haifanyi kazi hivyo. Fyuzi ya 13 inaweza kubeba ampea 14, hata zaidi, kwa muda mrefu sana bila kukatika. Ilitengenezwa ikatike haraka waya zinapogusana, si kwa kuzidiwa kidogo namna hiyo. Kwa hiyo usiitegemee. Na nyingi ya adapta hizi za bei nafuu hazina fyuzi hata moja, na vyuma vyake ni vyembamba; zenyewe ndizo zitakazoyeyuka kwanza.

Je, raiskuka haiwezi kutumika kabisa? Inaweza, kwa transfoma ya kushusha umeme, ile wengi tunaiita stepdauni. Hii ni tofauti na adapta. Stepdauni ya kweli ni nzito kama tofali, kwa sababu ndani kuna chuma na waya wa shaba uliozungushwa. Ukiinyanyua kwa vidole viwili na inadai kubeba wati 2,000, iache dukani. Kwa kifaa cha wati 600 nunua ya wati 1,000, usinunue ya 600 kamili, kwa sababu itafanya kazi ikiwa imekaza meno muda wote.

Na kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Stepdauni nyingi za madukani zimetengenezwa kwa vifaa vya Marekani. Zinagawa umeme nusu kwa nusu: 220 inakuwa 110. Umeme wetu ukiwa 230, inatoa 115. Kwa kifaa cha Marekani hiyo ni sawa kabisa. Kwa kifaa cha Japani, cha volti 100, bado imezidi, na kwa hesabu ileile ya kuzidisha mara mbili, raiskuka ya wati 600 itakuwa karibu wati 800. Haitawaka moto siku hiyo, lakini wali utaungua chini, na kifaa hakitadumu. Ukitaka ya Japani, uliza stepdauni iliyoandikwa “100V” kwenye tundu la kutokea. Si rahisi kuipata.

Stepdauni pia haigusi hezi. Inashusha volti, mizunguko inabaki 50. Raiskuka haijali, joto ni joto. Lakini mashine ya kunyolea kutoka Marekani, zile zinazovuma, imepigiwa hesabu kwa hezi 60. Kinyozi anaiweka kwenye stepdauni nzuri kabisa, volti ni sahihi, lakini mashine inagonga kama inapiga ngoma na inapata moto mkononi. Si kwamba stepdauni ni mbovu. Kwa hiyo ukiona kibandiko “120V 60Hz” kwenye kitu chenye mota au chenye kutetemeka, kama mashine hiyo, saa ya mezani ya umeme au maikrowevu, bora usikinunue.

Kuna tabia mbili nataka nizitaje kabla muda haujaniishia. Ya kwanza ni ile ya kuchukua kalamu, unaibana kwenye tundu la juu la soketi ili yale matundu mawili ya chini yafunguke, halafu unasukuma plagi ya pini mbili za duara. Wengi wetu tumekulia humo. Pini zile za Ulaya ni nyembamba, zinalegea ndani, zinatoa cheche, na soketi inaanza kuwa ya kahawia. Ukiona soketi yako imebadilika rangi kuzunguka tundu, sababu kubwa ni hiyo.

Ya pili ni kukata plagi na kufunga nyingine. Kwa feni ya mama nimependekeza hivyo, kwa mkono wa fundi, na fyuzi ya ampea 3 ndani ya plagi mpya, si 13. Lakini ukikata waya wa kifaa cha Marekani, uangalie rangi. Kwetu leo waya wa moto ni wa kahawia, wa kurudi ni wa bluu, wa ardhi ni wa kijani na njano. Kwa mfumo wa zamani wa Kiingereza, uliomo kwenye nyumba nyingi bado, wa moto ni mwekundu na mweusi ni wa kurudi. Kwa Marekani mweusi ndio wa moto, na mweupe ndio wa kurudi. Umesikia? Mweusi uleule, kwenye nyumba za zamani ni wa kurudi, kwa Mmarekani ndio wa moto. Fundi aliyezoea nyumba za zamani akiunga kwa mazoea, swichi ya kifaa itazima upande wa kurudi, na ndani kutabaki na umeme hata kikiwa kimezimwa.

Sasa mama wa Tanga, majibu yako ni haya. Chaja ya kompyuta, nunua adapta ya umbo, tumia leo. Feni, mpelekee fundi abadilishe plagi, tumia kesho. Raiskuka, usiichomeke hata mara moja kujaribu, maana jaribio hilo ni la mara moja tu. Mrudishie mwanao aibadilishe kule alikoinunua. Kwa bei ya stepdauni nzuri, utapata raiskuka mpya ya volti 230 hapa nchini na chenji itabaki.

Na wewe mwenye ndugu Marekani, Japani au Ulaya anayekuuliza akutumie nini, usimwambie akutumie picha ya kifaa kikiwa kizuri juu ya rafu. Mwambie akigeuze, apige kitako. Ukiona “100-240V” au “220-240V” kwenye mstari wa INPUT, mwambie atume. Ukiona “100V” au “120V” peke yake, mwambie akiache hukohuko.